Joto la Usiku na Maziwa ya Asubuhi

Mfugaji wa Tanga akiona maziwa yamepungua mwezi wa Februari, hulaumu majani makavu au pumba mbovu. Mara nyingi majani yana makosa yao. Lakini kuna sababu nyingine isiyoonekana kwenye hori: ng'ombe amelemewa na joto, na lilianza kumlemea mapema kuliko mwenye banda anavyodhani.

Ng'ombe ana jiko lake mwilini. Majani yakichachuka tumboni hutoa joto, na kadiri anavyotoa maziwa mengi ndivyo anavyokula zaidi na kuchemka zaidi. Joto hilo hulitoa kwa jasho na kwa kuhema, yaani kwa maji yanayokauka ngozini na njia ya hewa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji hayo hayakauki upesi. Ndiyo maana kutazama kipimajoto peke yake hakutoshi.

Wataalamu huunganisha joto na unyevu wa hewa katika namba moja. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba maziwa huanza kushuka namba hiyo ikifika 72. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walionyesha kuwa kwa ng'ombe wa kisasa wanaotoa zaidi ya lita 35 kwa siku, hasara huanza kwenye 68. Namba hiyo hufikiwa kwa nyuzi 22 tu, unyevu ukiwa asilimia 50. Kwa nyuzi 25 na unyevu huohuo unafika 72. Hiyo ni hali ya hewa ambayo mtu huiita nzuri.

Sasa tulinganishe mchana wa nyuzi 31 katika sehemu mbili. Kwenye ukavu kama wa Dodoma, unyevu ukiwa asilimia 30, namba ni 76. Pwani, unyevu ukiwa asilimia 70, inapanda hadi 83. Tofauti kubwa zaidi huja usiku. Bara hewa ikishuka hadi nyuzi 18, hata unyevu ukifika asilimia 80, namba inakuwa 64 na ng'ombe anapumua. Pwani usiku wa nyuzi 24 wenye unyevu wa asilimia 90 bado ni 74. Mnyama anaamka na joto la jana mwilini, kisha jua linamwongezea la leo. Kwa maoni yangu, huko pwani usiku ndio wa kuangaliwa kwanza.

Utafiti uliofanywa Tunisia ulikuta kwamba kila namba moja juu ya 69 ilimpunguzia ng'ombe takriban gramu 400 za maziwa kwa siku. Hesabu hiyo isichukuliwe hivihivi kwa ng'ombe chotara wa lita nane. Damu ya zebu huvumilia zaidi, na maziwa machache huleta joto dogo. Tena maziwa hayashuki papo hapo. Hushuka siku moja au mbili baadaye, wakati mwingine hewa ikiwa imeshapoa, ndipo lawama inapoiangukia pumba.

Usingoje ndoo ikuambie. Ng'ombe akiwa ametulia kivulini, hesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Ukizidi mara 60, amelemewa. Utamwona pia amesimama muda mrefu badala ya kulala na kucheua. Mpe maji bila kikomo na chakula kingi jioni na usiku. Ukimmwagia maji, yalowe hadi ngozini na upepo umpite. Ukungu wa maji katika banda lililofungwa humwongezea unyevu tu.

Kuku hana jasho kabisa. Hutegemea kutweta, mdomo wazi na mabawa yakiwa yameachana na mwili, na huanza kufanya hivyo karibu na nyuzi 28 hadi 30. Hapo hupunguza kula, na mayai huanza kuwa madogo. Kutweta kwingi humtoa hewa ya kaboni kwenye damu, na damu hukosa malighafi ya kujengea ganda. Kwa hiyo mayai yenye ganda jembamba na yanayopasuka ovyo mara nyingi hutangulia idadi kushuka. Mfugaji akiongeza chokaa bila kupunguza joto, anatibu nusu ya tatizo. Mlishe alfajiri na jioni, kwa kuwa chakula cha saa sita mchana humwongezea joto saa ambayo hana pa kulitoa, na punguza idadi ya kuku katika banda.

Kipimajoto kinachosoma na unyevu si ghali. Kitundike bandani kwa kimo cha mnyama, si karibu na bati, ukisome saa nane mchana na saa kumi alfajiri. Kama alfajiri bado ni nyuzi 24 na hewa nzito, toboa kuta za banda kabla ya kubadili pumba.