Barua ya Kupunguzwa Kazini: Sababu, Uteuzi, Kiinua Mgongo na Haki ya Kulalamika katika Viwanda vya Minofu ya Sangara, Mwanza

Utangulizi

Viwanda vya kuchakata minofu ya sangara vilivyo katika mwambao wa Ziwa Victoria, Mwanza, hutegemea mambo mawili ambayo wafanyakazi wake hawana uwezo nayo: samaki wanaopatikana ziwani na soko la nje. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hilo kwa hofu ya uvuvi wa sumu, viwanda hivyo vilipoteza soko lake kuu kwa muda. Katika mazingira kama hayo, upunguzaji wa wafanyakazi ni jambo linaloweza kutokea hata pale ambapo hakuna aliyetenda kosa. Makala haya yanafafanua barua inayomfikia mfanyakazi katika hali hiyo, kwa kuzingatia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007. Hoja yake ni kwamba barua hiyo haihalalishi upunguzaji. Barua ni kumbukumbu ya mchakato uliotangulia, na kasoro za mchakato huo huonekana zaidi katika aya inayoeleza namna wahusika walivyoteuliwa.

Yanayotangulia barua

Kifungu cha 38 cha Sheria kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi mara tu wazo hilo linapoanza kufikiriwa, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa. Pasipo na chama hicho, hushauriana na chama kilichosajiliwa chenye wanachama mahali pa kazi, au na wafanyakazi wenyewe ikiwa hawana uwakilishi. Mambo ya kushauriana ni matano: sababu za upunguzaji, hatua za kuuepuka au kuupunguza, njia ya kuteua watakaoondoka, wakati wa utekelezaji na kiinua mgongo. Makubaliano yasipopatikana, suala hupelekwa kwenye usuluhishi.

Mpangilio huu una maana kwa msomaji wa barua. Sababu inayokubalika ni mahitaji ya uendeshaji, yaani ya kiuchumi, kiteknolojia au kimuundo. Maneno “kutokana na hali ngumu ya biashara” peke yake hayamwezeshi mfanyakazi kuipima sababu hiyo. Barua inayoeleza kwamba kiwanda kimefunga mstari mmoja kati ya miwili ya kukata minofu kwa sababu ya upungufu wa sangara, na kwamba suala hilo lilijadiliwa katika vikao vya tarehe zinazotajwa, inampa jambo la kulinganisha na mihtasari ya vikao. Vikao vikiwa vimefanyika baada ya orodha ya majina kukamilika, hayo si mashauriano bali ni kutangaza uamuzi.

Aya ya uteuzi

Kanuni za mwaka 2007 zinatambua kigezo cha aliyeajiriwa mwisho kuondoka kwanza, lakini kinatumika kwa kuzingatia haja ya kubakiza kazi muhimu, uzoefu, ujuzi maalumu na sifa. Kigezo kinachogusa haki za msingi, kama vile uanachama wa chama cha wafanyakazi au ujauzito, hakiwezi kuwa cha haki.

Ugumu huanza pale vigezo viwili vinapogongana. Chukua mfano wa kiwanda cha kufikirika chenye wakata minofu ishirini, ambao wanane kati yao wanapaswa kuondoka. Barua ya mkata minofu mwenye miaka 13 kazini inasema: “Umeteuliwa kwa kuzingatia mahitaji ya kampuni.” Wakati huohuo, wenzake wawili wenye miaka miwili kazini wamebakizwa. Huenda wawili hao wana ujuzi wa kuendesha mashine za kugandisha, na hiyo ingeweza kuwa sababu ya haki. Lakini barua haisemi hivyo. Aya inayotosheleza ingetaja kundi lililolinganishwa, kigezo kilichotumika, na sababu ya kukiacha kigezo cha muda wa utumishi kwa wawili hao. Kwa kuwa kifungu cha 39 kinamtwika mwajiri jukumu la kuthibitisha kwamba usitishaji wa ajira ulikuwa wa haki, ukimya wa aya hii humwelemea mwajiri mwenyewe shauri linapofunguliwa.

Hesabu ya kiinua mgongo

Kifungu cha 42 kinaweka kiwango cha chini: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo, usiozidi miaka kumi. Mfanyakazi awe ametumika mfululizo kwa miezi kumi na miwili. Anayekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa hupoteza stahiki hiyo.

Mkata minofu wa mfano huu ana mshahara wa msingi wa shilingi 260,000 kwa mwezi na hufanya kazi siku sita kwa wiki. Jedwali la Sheria linagawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 mara idadi ya siku za kazi katika wiki, yaani takribani 26. Mshahara wa siku ni shilingi 10,000, na wa siku saba ni 70,000. Kwa kuwa miaka 13 inakomea kwenye kumi, kiinua mgongo chake ni shilingi 700,000. Mwenzake mwenye miaka 6 na miezi 11 huhesabiwa miaka sita, hivyo hupata 420,000.

Kosa la kutazamwa ni kugawanya kwa 30. Hapo mshahara wa siku hushuka hadi takribani shilingi 8,667, na mfanyakazi wa kwanza hupunjwa zaidi ya shilingi 93,000. Barua inayotaja jumla pekee huficha kosa hilo. Inayoonyesha hatua za hesabu hulifichua. Kiinua mgongo hakichukui nafasi ya malipo mengine kama vile mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi, likizo isiyochukuliwa na notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28.

Haki ya kulalamika na muda wake

Neno “rufaa” katika barua nyingi humaanisha maombi kwa uongozi wa kiwanda. Njia ya kisheria ni kupeleka mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mgogoro kuhusu uhalali wa usitishaji hupelekwa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kusitishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kusitisha au kuthibitisha usitishaji. Migogoro mingine hupelekwa ndani ya siku 60. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa.

Iwapo barua ilitolewa tarehe 2 Septemba na notisi ya siku 28 ikaisha tarehe 30 Septemba, siku ya mwisho ni tarehe 30 Oktoba. Mfanyakazi anayesubiri jibu la mdomo kutoka kwa meneja hadi Novemba hana uamuzi wa maandishi wa kuonyesha kwamba muda wake ulianza baadaye. Kwa hiyo barua inayotaja rufaa ya ndani bila kutaja Tume wala siku zake ina upungufu wenye madhara, hata kama aya zake nyingine ni sahihi.

Hitimisho

Uchunguzi wa barua ya kupunguzwa kazini unapaswa kuanzia kwenye tarehe: ya taarifa ya kusudio, ya vikao, ya barua na ya kusitishwa. Tarehe hizo zikipangwa kwa mfuatano, huonekana kama uteuzi ulitokana na mashauriano au uliyatangulia. Fedha zilizopunjwa zinaweza kudaiwa na kulipwa. Uteuzi uliofanywa kabla ya mashauriano hauwezi kurekebishwa na barua, hata iandikwe vizuri kiasi gani.