Saa 3 Usiku, Chati Inapodanganya

Saa 3 kamili usiku wa Jumatano, 2 Novemba 2022, kwa saa za Afrika Mashariki, Benki Kuu ya Marekani ilitangaza kupandisha riba kwa robo tatu ya asilimia. Kiwango chenyewe hakikumshtua mtu, soko lilikuwa limekitarajia. Kilicholiamsha ni sentensi mpya katika taarifa, kwamba benki itazingatia muda ambao riba huchukua kabla ya kuugusa uchumi. Wengi waliisoma kama dalili kwamba kasi itapunguzwa. Hisa zikapaa, dola ikashuka.

Aliyetazama chati ya dakika 5 wakati huo aliona kila sababu ya kununua hisa: bei imeruka juu, mishumaa ya kijani imesimama mirefu. Nusu saa baadaye mwenyekiti Jerome Powell alikutana na waandishi wa habari, akasema ni mapema mno kufikiria kusitisha upandishaji, na kwamba riba huenda ikafika juu kuliko ilivyodhaniwa. Faharisi ya S&P 500 ilifunga siku ikiwa imeshuka kwa asilimia 2.5.

Chati haikukosea kuandika bei. Ila ilisoma nusu ya habari.

Kabla ya tangazo, benki na makampuni makubwa huondoa oda zao, hivyo bei hutulia katika kijia chembamba kinachofanana na soko linalojikusanya kabla ya kuruka. Utulivu huo ni watu kusubiri tu. Tangazo likitoka, oda chache zilizobaki humezwa mara moja na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza hutanuka. Hapo oda ya kukata hasara inaweza kutekelezwa mbali na pale ilipowekwa, hata kama mwenye nayo alikisia mwelekeo sahihi.

Madhara hayaishi hapo. Tuseme mishumaa 13 ina urefu wa pointi 5 kila mmoja, kisha wa tangazo una pointi 75. Wastani wa mishumaa hiyo 14 unaruka kutoka 5 hadi 10, na utabaki umevimba kwa zaidi ya saa nzima, mpaka ule mrefu utoke kwenye hesabu. Anayepima umbali wa kukata hasara kwa wastani huo anatumia rula iliyopinda.

Kwa mfanyabiashara wa muda mfupi, busara ni kutofungua oda mpya nusu saa kabla, na kusubiri mpaka maswali ya waandishi yaishe na pengo la bei lirudi lilivyokuwa mchana. Pengo hilo ndilo la kutazama kuliko saa. Anayeshika hisa kwa miezi anaweza kubaki, mradi kiasi alichoweka kinahimili mtikisiko.

Mikutano hii hufanyika mara 8 kwa mwaka, na tarehe zake hutangazwa mapema. Marekani ikirudisha saa nyuma mwezi Novemba, tangazo huhamia saa 4 usiku, na maswali saa 4 na nusu.