Gharama ya Vivuli Iko Kwenye Umbali

Jua la ndani ya gemu halitoi vivuli lenyewe. Kwa kila fremu, kompyuta huanza kwa kuichora dunia ya gemu kana kwamba inatazamwa kutoka juani. Hapo haichori rangi. Huandika tu kila mwale umesafiri umbali gani kabla ya kugonga kitu. Halafu inapochora picha utakayoiona wewe, hulinganisha: kama sehemu fulani ya ardhi iko mbali na jua kuliko umbali ulioandikwa, basi kuna kitu kimeikinga, na sehemu hiyo hutiwa giza. Lance Williams alieleza mbinu hii mwaka 1978, na gemu nyingi bado zinaitegemea.

Picha hiyo ya juani ina idadi maalumu ya nukta. Tuchukue injini ya Unity, kwenye mfumo wake wa URP, tuweke "Shadow Resolution" kuwa 2048, yaani nukta 2048 kila upande. Picha hiyo ikifunika uwanja wa mraba wenye upande wa mita 150, kila nukta itabeba zaidi ya sentimita 7 za ardhi. Kidole cha mhusika hakiwezi kutoa kivuli cha maana hapo, na kivuli cha bega lake kitakuwa na kingo za ngazi ngazi. Punguza uwanja uwe mita 50, nukta itashuka hadi sentimita 2 na nusu hivi. Ni kama chandarua: ukikivuta kifunike kitanda kikubwa zaidi, matundu hayaongezeki, yanapanuka.

Ndiyo maana uwanja hugawanywa. Ukiweka "Cascade Count" kuwa 4, karatasi ileile ya 2048 hukatwa vipande vinne vya nukta 1024 kila upande. Kipande cha kwanza hufunika eneo dogo lililo mbele ya kamera. Likiwa la mita 10, kila nukta hubeba takriban sentimita 1, na kidole sasa kinapata kivuli chake. Kipande cha mwisho kikifunika mita 150, kila nukta hubeba karibu sentimita 15, lakini huko mbali vitu vyenyewe ni vidogo kwenye skrini, hivyo jicho halilalamiki. Dosari huonekana kwenye mpaka wa kipande na kipande: ukitembea, utaona mstari ardhini ambapo kivuli kikali kinageuka ghafla kuwa hafifu.

Kazi ya kulainisha kingo ni nyingine kabisa. Badala ya kuuliza swali moja kwa kila nukta ya skrini, kompyuta huisoma picha ya juani mara kadhaa mahali hapo na jirani zake, kisha huchukua wastani. "Soft Shadows" ya Unity ikiwa "Medium" husoma mara 9, na "High" mara 16. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2, kwa hiyo "High" inaweza kufikisha masomo milioni 33 kwa fremu moja.

Kipi basi kinakula zaidi? Kuongeza nukta hula hasa kumbukumbu: kutoka 2048 kwenda 4096 ni mara nne. Kulainisha hula nguvu ya kadi ya grafiki, na simu yenye skrini kubwa huumia zaidi hapo. Lakini katika gemu lenye uwanja wazi na miti mingi, mara nyingi umbali ndio mlaji mkuu. Ukiuongeza mara tatu, eneo linaongezeka karibu mara tisa, na kila mti ulioingia humo lazima uchorwe upya kutoka juani. Mti unaogusa vipande viwili huchorwa mara mbili. Prosesa ndiyo inayotoa amri zote hizo, na ikilemewa, kadi ya grafiki hukaa ikisubiri.

Kujua kwako kuna nini, simamisha kamera mahali pamoja na usome muda wa fremu kwa milisekunde. Fremu 60 kwa sekunde zinahitaji 16.7 au chini yake. Punguza "Max Distance" peke yake, soma, irudishe, kisha zima "Soft Shadows", soma tena. Ukipunguza ukubwa wa picha ya skrini na muda usibadilike, ulainishaji si tatizo. Tafuta kwenye umbali na idadi ya vipande.

Kwa hiyo anza na umbali. Wengi hupandisha nukta hadi 4096 huku umbali ukiwa mrefu kupita kiasi, wakalipa mara mbili. Ukiufupisha hadi pale ambapo mchezaji anatambua kivuli kweli, nukta zilezile zinabana eneo dogo: kivuli kinakuwa kikali zaidi, na fremu inakuwa nyepesi.