Kisigino kilichomnyima Gane mkanda

Tarehe 22 Januari 2022, mjini Anaheim, Marekani, Francis Ngannou wa Kamerun aliingia ulingoni kutetea mkanda wake wa uzani wa juu wa UFC. Mpinzani wake, Ciryl Gane wa Ufaransa, hakuwa amepoteza pambano, na wawili hao walishawahi kufanya mazoezi pamoja Paris. Kila mtu alisubiri ngumi za Ngannou, ambazo zilikuwa zimelaza wengi mapema kabisa.

Pambano la mkanda huwa na raundi tano za dakika tano. Anayezimia ngumi au teke ameshindwa papo hapo. Vivyo hivyo anayekabwa kabali au kukunjwa kiungo hadi akagonga kwa mkono kusalimu amri. Yote hayo yasipotokea, majaji watatu huamua: mshindi wa raundi hupata pointi 10, mwenzake kwa kawaida 9. Kinachotangulia machoni pao ni nani aliyemuumiza mwenzake au kukaribia kummaliza. Kumlalia tu mtu chini, bila kumpiga wala kumtafutia kabali, hakuhesabiwi sana.

Raundi mbili za mwanzo Gane alicheza mbali. Aliingia, akapiga teke, akatoka, na ngumi za Ngannou zikaishia hewani. Isitoshe, Ngannou alikuwa amepanda na goti bovu aliloumia mazoezini. Raundi ya tatu akabadili mchezo: alidaka teke la Gane, akambwaga chini. Watu walishangaa, maana mieleka haikuwa sifa yake. Raundi ya nne akamwangusha tena na kumkalia juu.

Kwa hiyo ya tano ndiyo iliyobeba mkanda. Gane alianza vizuri, akamwangusha Ngannou yeye mwenyewe. Hapo angetulia juu na kurusha ngumi. Badala yake akaukamata mguu wa Ngannou ili akisokote kisigino, mbinu ambayo huumiza hasa goti kuliko kifundo. Kwa goti lile bovu, tamaa yake inaeleweka. Lakini anayekamata mguu hulazimika kujilaza mgongo, na mguu ukimponyoka, amempa mwenzake nafasi ya juu bure. Ndivyo ilivyokuwa. Ngannou alijinasua, akapanda juu, akabaki huko karibu hadi kengele. Binafsi naona lile lilikuwa kosa la hesabu zaidi ya ufundi, kwa sababu dakika zilikuwa bado nyingi na Gane alikuwa anaongoza raundi.

Majaji wawili waliandika 48 kwa 47, wa tatu 49 kwa 46, wote kwa Ngannou. Kwa wale wawili, raundi hiyo moja ingemwangukia Gane, mkanda ungekwenda Ufaransa.