Je, wajua kusoma orodha ya yasiyolipwa wakati jedwali la mafao halipo?

Hati ya bima ya afya ya mfanyakazi wa Bur Dubai mara nyingi humfikia vipande vipande. Ofisi ya kampuni humtumia kurasa chache kwa simu, na kurasa hizo huwa za masharti ya jumla na orodha ndefu ya matibabu yasiyolipwa. Ukurasa unaokosekana ni jedwali la mafao, ule unaotaja bima inalipa nini, hadi kiasi gani na mgonjwa anachangia asilimia ngapi. Kisha mfanyakazi humpelekea karatasi hizo ndugu au mwenyeji anayesoma Kiingereza au Kiarabu na kumwuliza: nikiumwa nitalipiwa? Hoja yangu ni kwamba swali hilo lina jibu la kweli hata bila ule ukurasa, ila jibu lenyewe ni la nusu, na anayefafanua ana wajibu wa kuonyesha nusu hiyo inaishia wapi.

Orodha ya yasiyolipwa haisimami peke yake, kwa sababu kazi yake ni kupunguza. Jedwali hutoa haki, nayo orodha huondoa sehemu ya haki hiyo. Ndiyo maana ni kosa kusema kwamba chochote kisichotajwa kwenye orodha kinalipwa. Matibabu yanaweza yasikatazwe popote na bado yasilipwe, ama kwa sababu jedwali halikuyataja, ama kikomo cha mwaka kimefikiwa, ama hospitali haimo katika mtandao wa bima hiyo. Ukimya wa orodha si ahadi. Anayefafanua akisema “hapa hawajakataza, nenda tu” anamtia mwenzake kwenye deni.

Hata hivyo, Dubai kuna kitu kinachosaidia. Sheria Namba 11 ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inamlazimu mwajiri kumkatia mfanyakazi wake bima ya afya, na Mamlaka ya Afya ya Dubai imeweka kiwango cha chini ambacho bima haiwezi kukipungukia. Kwa wanaolipwa dirhamu 4,000 kwa mwezi au pungufu, kiwango hicho kina mpango wake maalumu wenye kikomo cha dirhamu 150,000 kwa mwaka. Kwa hiyo ukurasa uliopotea haukupotea wote. Sehemu yake imo ndani ya sheria. Jambo la kwanza la kuuliza ni viza ilitolewa wapi. Mtu anaweza kushinda Bur Dubai kila siku huku viza yake ni ya Sharja au Ajmani, ambako bima ya lazima ya wafanyakazi wa sekta binafsi ilianza Januari 2025 kwa mpango mwingine na viwango vingine.

Tuchukue mfano wa mfanya usafi katika hoteli ya mtaa wa Mankhool. Mshahara wake ni dirhamu 1,800, viza ni ya Dubai, ana miezi mitano kazini na ana kisukari. Mkononi ana orodha tu, na ndani yake mistari minne inamhusu. Wa kwanza unasema maradhi ya kudumu na yale yaliyokuwepo kabla hayalipwi katika miezi sita ya kwanza. Mstari huu unasomeka bila jedwali, kwani una tarehe ya kuisha. Kwa mujibu wa mpango wa chini, miezi hiyo sita ni ya anayeingia bima kwa mara ya kwanza. Kama alikuwa tayari na bima ya Dubai kwa mwajiri aliyetangulia, aulize iwapo muda ule unahesabiwa, na awe na karatasi ya bima ya zamani. Na hata ndani ya miezi hiyo, sukari ikishuka akazimia, matibabu ya dharura hulipwa. Kunyamaza kuhusu ugonjwa wakati wa kujaza fomu ndiko kunakoweza kumharibia kabisa, kwa kuwa ugonjwa uliofichwa huwa na mstari wake katika orodha hiyohiyo.

Mstari wa pili unakataa majeraha ya kazini. Wengi husoma hapo kwamba mtu akiteleza na ndoo ngazini akavunjika mkono, basi ni shauri yake. Sivyo. Sheria ya kazi ya shirikisho, Namba 33 ya mwaka 2021, inamtwika mwajiri gharama za matibabu ya jeraha la kazini mpaka mfanyakazi apone au ithibitike kuwa amepata ulemavu. Bima imejitoa kwa sababu kuna mlipaji mwingine. Huu, kwa maoni yangu, ndio mstari unaofafanuliwa vibaya kuliko yote, na anayeufafanua vibaya anampa mwajiri nafasi ya kukwepa.

Wa tatu unahusu meno: hayatibiwi isipokuwa kwa dharura. Hapa maana iko wazi, ila mpango wa juu zaidi unaweza kuwa na fao la meno ndani ya jedwali. Wa nne ndio mgumu: tiba ya viungo hailipwi “isipokuwa jedwali la mafao linasema vinginevyo”. Maneno hayo yanakurudisha kwenye ukurasa usioonekana, na hakuna ufundi wa kusoma utakaoyafungua. Jibu la haki ni kusema: sheria inakuhakikishia kiasi fulani, kilichozidi hapo sikijui mpaka nione jedwali.

Baadhi ya viwango vya mpango wa chini vinatosha kumpa mtu makadirio. Akimwona daktari bila kulazwa huchangia asilimia 20, na kwa dawa asilimia 30. Akilazwa huchangia pia asilimia 20, lakini si zaidi ya dirhamu 500 kwa mara moja wala 1,000 kwa mwaka. Bili ya kulazwa ikiwa dirhamu 4,000, asilimia 20 ni 800, naye atalipa 500 tu. Akidaiwa 800, ana sababu ya kuuliza.

Wapo watakaosema: kwa nini usiazime jedwali la mwenzake wa chumbani, maana bima za vibarua zote ni moja? Kiwango cha chini ni kimoja, kweli, lakini mtandao wa zahanati hutofautiana kwa kadi, na vikomo hurekebishwa. Jedwali la mwenzako la mwaka juzi linaweza kukupeleka zahanati isiyokupokea. Wengine watasema ni salama zaidi kunyamaza mpaka ukurasa upatikane. Lakini aliyesimama dirishani kwa mfamasia hana siku tatu za kusubiri, na mtu asiyejua kwamba dharura hulipwa huweza kubaki kitandani akiumia.

Ukurasa wenyewe si siri. Jedwali la mafao ni sehemu ya mkataba, na mwenye bima ana haki ya kuliona. Aandikie ofisi ya kampuni yake kwa maandishi, ataje namba ya bima na aombe jedwali pamoja na orodha ya mtandao wa hospitali. Wakichelewa, apige namba iliyo kwenye kadi. Bima ikikataa kulipa, aombe sababu kwa maandishi yenye namba ya kifungu, kisha apeleke malalamiko Mamlaka ya Afya ya Dubai kupitia mfumo wa iPROMeS. Nawe unayesomewa au kusomea wenzako, fanya hivyo wiki hii, kabla mtu hajaugua.