Kabla Hujawasha Viyoyozi vya Ukumbi

Mdogo wangu, funguo zote unazo. Kilichobaki ni hewa ya ukumbi huu, na joto la Dar es Salaam unalijua.

Chukua harusi ya Jumamosi, watu 200. Mtu aliyekaa tu hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo wageni peke yao ni kilowati 20. Viyoyozi vyetu vinne vya BTU 24,000 kila kimoja huondoa takriban kilowati 7, jumla 28. Kinachobaki ni kidogo, na bati limepigwa jua mchana kutwa, taa zinawaka na chakula ni cha moto. Ukisubiri watu wajae ndipo uwashe, umechelewa. Shughuli ikianza saa moja jioni, washa saa kumi na moja, milango ikiwa imefungwa, kuta zipoe kwanza. Weka 24. Kushusha rimoti hadi 16 hakuharakishi ubaridi. Mashine itazidi tu kula umeme.

Watu wakishaingia, washa mapangaboi, upandishe hadi 26. Pangaboi halipoozi chumba, linampoza mtu kwa kumkaushia jasho, hivyo ukumbi ukiwa mtupu lizime.

Hapa ndipo wengi hukosea: viyoyozi vyetu haviingizi hewa mpya. Vinazungusha ileile ya ndani. Ukiona wageni wanapiga miayo na kulalamika vichwa ilhali ukumbi ni baridi, hewa imechoka. Washa feni ya kutolea hewa iliyo ukuta wa jikoni, kisha fungua matundu ya upande wa jukwaani. Usifungue yale ya jirani na feni, maana hewa itaingia na kutoka papo hapo bila kuwafikia watu wa katikati.

Mwaka jana kiyoyozi cha jukwaani kilidondoshea maji meza ya maharusi. Nilipofungua kifuniko nikakuta chujio limevaa vumbi kama blanketi, na nyuma yake barafu. Hewa ilikuwa haipiti, koili ikaganda. Niliweka rimoti kwenye feni tupu, ikayeyuka kwa muda wa saa nzima. Aibu ile sitaisahau. Tangu hapo nayaosha machujio kila baada ya wiki mbili, kwa maji matupu, na kuyaanika kivulini. Barafu ikirudi chujio likiwa safi, huenda gesi imevuja; zima, mwite fundi. Kikidondosha bila barafu, tazama kwanza bomba la maji machafu nje, kwa kawaida limeziba.

Umeme ukikatika, zima vyote vinne. Ukirudi, subiri dakika tano, kisha washa kimoja kimoja, ili kompresa zisianze kwa pamoja.

Ngazi ya kufikia machujio iko stoo, nyuma ya viti. Mguu wake mmoja umelegea, usipande bila mtu wa kukushikia.