Bei ipo, mbona wanaiuliza?

Tangazo langu la majiko ya gesi lilikuwa aya moja, mistari 14. Bei niliiandika mwishoni, lakini wateja walikuwa wanaiuliza inboksi. Nikajua hawafiki chini.

Nikalisoma kwa sauti. Hapa pumzi ikakata:

"Jiko lina pleti mbili na linawaka haraka na halili gesi na ukinunua unapewa mpira wa gesi bure."

Nikalivunja:

"Jiko lina pleti mbili, linawaka haraka na halili gesi.

Mpira wa gesi? Bure."

Pumzi ikikata, weka nukta. Jambo likibadilika, ruka mstari. Ila zote zisiwe fupi, zitasomeka kama orodha ya manunuzi. Fupi iweke pale unapotaka jicho lisimame, kama kwenye bei.